Imeili nilifunguliwa steshenari, sasa kuna mtu anaombea kazi kwenye akaunti yangu

Kaka shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo. Mimi ni binti nipo Kahama, nimemaliza diploma ya maabara. Mwaka jana nilienda steshenari wakanisaidia kujisajili Ajira Portal, kijana wa pale akanifungulia na Gmail, namba ya simu akaweka yake mana kitochi changu nilikiacha nyumbani kwenye chaji, paswedi akatunga yeye akaniandikia kwenye kikaratasi. Nyumbani simu ya tachi ni moja tu ya mama, tunatumia mimi, mama na kaka angu, na imeili yangu imo humo.

Sasa wiki iliyopita naingia nakuta kampuni siijui inamwita dada mmoja kwenye usaili, jina sio langu kabisa. Kuangalia Sent nakuta barua ya maombi na sivii yake vimetumwa kutoka kwangu! Alafu imeili zangu nyingine nakuta zimeshafunguliwa na mimi sijazisoma. Kaka angu anasema nimehakiwa nifungue imeili mpya, lakini portal nilijisajili na hii hii pamoja na namba ya NIDA, naogopa kuharibu. Na steshenari ntaendelea kwenda tu mana kompyuta sina. Naomba msaada nifanyeje.

---

Marahaba mdogo wangu, nimekuzidi.

Kabla hujagusa kitu chochote, rudi kwenye ile barua iliyoko Sent, fungua sivii ya huyo dada, namba yake ya simu lazima itakuwepo pale juu, mpigie leo umsomee siku na mahali pa usaili. Yeye huko aliko anachungulia imeili yake kila siku anaona kimya, mana mwajiri akibonyeza Reply majibu yanarudi kwenye anwani iliyotuma, hata kama ndani ya sivii ameandika anwani yake vizuri kabisa. Ukishamaliza hilo muulize alitumia wapi hiyo barua na nani alikuwa ameshika mausi. Sitoshangaa akikutajia steshenari ile ile.

Mana mimi kwa nilivosoma barua yako sioni haka hapo. Nimekaa nyuma ya kaunta kama hiyo muda mrefu tu, naijua inavyokuwa. Mteja anakuja, unamfungulia Gmail, unatuma, analipa anaondoka, wewe unabonyeza ile X ya juu dirisha linafungwa, umemaliza. Anakuja mwingine, "naomba unitumie hii barua", unaandika gmail.com inafunguka moja kwa moja kwenye inboksi, nyuma yake kuna watu wanataka fotokopi, kuna mwingine anagombana na printa, unabonyeza Compose, unapachika faili, Send, "tayari dada, mia tano". Hakuna aliyeangalia kile kiduara cha juu kulia chenye herufi ya kwanza ya jina. Mwenye barua anajua imetumwa, kijana anajua imetumwa, na kweli imetumwa, ila imetoka kwa mtu mwingine.

Sababu ni kwamba kufunga dirisha sio kulogauti. Ukishaweka paswedi yako mara moja, Google inaiachia brauza kitu kinaitwa kuki, ni kama ule muhuri wanaokugonga mkononi mlangoni kwenye ukumbi, ukishagongwa unatoka unaingia hakuna anayekuuliza. Sasa muhuri huu umegongwa kwenye kompyuta, haujagongwa kwenye mkono wako. Anayekaa kwenye kiti ndo wewe. Inaweza kukaa hivo wiki na wiki, unazima mashine unawasha bado ipo, umeme unakatika katikati ya kazi ukirudi Chrome inauliza Restore, kijana anakubali na tabo zote za jana zinafufuka na inboksi yako ikiwemo.

Lakini usiniamini kwa maneno tu, hakikisha. Siku ukikaa kwenye kompyuta (kwenye apu ya simu hautakiona hiki) fungua Gmail, shuka chini kabisa ya orodha ya imeili, kulia kuna maandishi madogo Last account activity na chini yake Details. Bonyeza. Itafunguka jedwali, linaonesha kila aliyeingia hivi karibuni alitumia nini, brauza au simu, kutokea anwani gani ya IP, yani namba ya ile intaneti aliyotumia, na saa ngapi. Linabeba mistari michache tu ya mwisho kwa iyo usichelewe kuliangalia. Sasa chukua muda ulioandikwa kwenye ile barua ya Sent, tuseme inasoma 10:12 AM yani saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, tafuta mstari wa muda huo. Ukikuta Browser (Chrome) wakati wewe saa nne ulikuwa nyumbani unafua, basi ni kompyuta. Ukikuta simu, ni simu ya mama. Na kama umekaa pale pale steshenari, angalia IP yako ya sasa hivi imeandikwa chini ya jedwali, ikifanana na ya ule mstari kesi imeisha, ila isipofanana usiseme sio wao, mana wengi wanatumia modemu ya laini ya simu na IP inabadilika kila ikiwashwa. Mahali nako usikuamini sana, unaweza ukawa Kahama ikaandika Dar, usianze kutafuta mchawi wa Dar.

Hizo zilizofunguliwa sasa. Hapo naomba umuulize kaka yako kwa upole kama huwa anabonyeza notifikesheni zinazoruka juu kwenye simu ya mama. Mana imeili ikishafunguliwa kwenye kifaa kimoja inahesabika imesomwa kote. Nahisi mtaalamu wetu wa mambo ya haka ana majibu.

Na kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui, ingia passwords.google.com ukiwa na akaunti yako. Ukikuta kuna majina ya watu huwajui, mara paswedi ya mwanafunzi wa mkopo, mara ya mzee aliyekuja kufanya ritani ya TRA, maana yake kijana siku ile hakukuingiza kwenye Gmail tu, Chrome yenyewe ilimuuliza kama iwashe sync, yani ihifadhi vitu vyake kwenye akaunti yako, akabonyeza ndiyo, ikawa Chrome ya ofisi nzima ni yako. Kila mteja anayekuja pale akikubali Save password inahifadhiwa kwako na inashuka mpaka kwenye simu ya mama. Na zako kadhalika, ziko kwenye mashine yao. Ukikuta hivo usizifungue kuzisoma, zifute, na ujue tatizo ni kubwa kidogo kuliko tabo iliyosahaulika.

Haya tuje kutengeneza. Akaunti mpya usifungue, hii hii inatengenezeka na portal haiguswi. Ila utaratibu una mpangilio wake, ukigeuza unajipiga mwenyewe.

Fanyia nyumbani kwenye simu ya mama, sio steshenari. Google huwa inamkazia mtu anayebadilisha vitu vya usalama kutoka kwenye kifaa kisichokijua, na ile simu inaijua. Fungua Gmail, bonyeza kiduara cha juu, Manage your Google Account, alafu Security. Anza na namba ya simu, usianze na paswedi. Kwa nini, mana namba iliyopo ni ya kijana, na mwenye namba ya urejeshaji anaweza kubonyeza Forgot password akatumiwa namba za uthibitisho akaweka paswedi anayoitaka yeye, hata kama wewe umebadilisha jana. Simsemi ni mwizi, lakini kesho anaweza kuacha kazi, laini ikafungwa, ikauzwa kwa mtu mwingine, na huyo mwingine ndo anapokea meseji zako. Toa yake weka ya kitochi chako, kitochi kinapokea meseji za Google bila shida yoyote, hakihitaji intaneti. Ila hakikisha hiyo laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyako wewe, sio ya shemeji, mana ikipotea wewe ndo unatakiwa ukairudishe.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza, namba inaweza kuwa imewekwa sehemu mbili, ile Recovery phone iliyoko Security na nyingine iko Personal info kwenye Phone, pita kote. Wa pili, Google inaweza kukwambia kwanza thibitisha kwa namba tuliyotuma kwenye simu inayoishia na tarakimu fulani, ambayo ni ya kijana. Kwa iyo fanya muda ambao kazini wapo, mpigie, mwambie "kaka kuna namba zimeingia kwako nisomee", hiyo ni mara ya kwanza na ya mwisho. Na usiende kumgombeza kabla ya hapo, unamhitaji! Alafu ujue kitu kimoja, ukishabadilisha, Google inaweza bado kukubali kutuma uthibitisho kwenye namba ya zamani mpaka siku 7. Wameweka hivo ili mtu aliyeibiwa akaunti apate nafasi ya kurudi, lakini kwako wewe inafanya kazi kinyume. Wiki hiyo kaa kimya.

Namba ikishakaa ndo paswedi. Tunga yako, isiwe jina na mwaka wa kuzaliwa, mana zile za steshenari wote tunazijua, jina, alama ya @, mwaka, na zote ziko kwenye daftari la kaunta zimeandikwa kwa bluu. Ukibadilisha paswedi vifaa vingi vinatolewa nje, ila kile ulichobadilishia hakitolewi. Ndo mana nakukataza kufanyia steshenari, watu wanabadilisha paswedi pale pale kwenye kompyuta wanayoiogopa, wanatoka wanafurahi, na hiyo kompyuta ndo imebaki ndani.

Kisha ile ile Security shuka mpaka Your devices, Manage all devices. Utaona simu ya mama, na utaona Windows, pengine Windows mbili tatu. Usihesabu kwamba kila moja ni kompyuta yake, mashine moja unaweza kuiona mara kadhaa mana kila ukiingia upya inahesabika. Bonyeza kila Windows, Sign out. Ukiona simu usiyoijua, labda kijana alikufungulia akaunti kwa simu yake, nayo Sign out.

Siku ukienda kwenye kompyuta pita pia kwenye mipangilio ya Gmail, See all settings, sehemu ya Forwarding and POP/IMAP, uone kama kuna anwani ya mtu inatumiwa nakala za imeili zako. Sidhani, ila ni dakika moja.

Baada ya hapo washa 2-Step Verification kwa namba ya kitochi. Kuanzia hapo paswedi peke yake haitoshi, lazima na zile tarakimu zinazokuja kwa meseji. Na pale pale kuna Backup codes, wanakupa 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi uweke na vyeti vyako, usizipige picha kwa simu ya mama. Siku kitochi kimezima au umekisahau kwenye chaji kama mwaka jana, unatumia moja unaikata kwa kalamu.

Ukishapata hizo karatasi ndo tuongelee simu ya mama. Akaunti ikiwa imewekwa kwenye simu ya Android anayeishika hahitaji paswedi, na likija lile swali la "ni wewe unajaribu kuingia?" linaruka kwenye kioo hicho hicho, mama akibonyeza Yes kwa kudhani ni tangazo, aliyekuwa mlangoni ameingia. Zaidi ya hapo namba zako na za mama na picha zinaweza kuchanganyikana. Ushauri wangu itoe. Nenda Settings, Accounts, chagua imeili yako, Remove account. Inatoka kwenye simu tu, haifutiki, imeili zako zote zipo, usiogope hilo neno. Na siku mama akitaka kuiuza hiyo simu au kuiflashi itakuwa haina akaunti yako ndani, mana nimeona simu inagoma kuwaka vizuri baada ya kuresetiwa, inadai paswedi ya mtu ambaye yuko Mtwara na hapatikani.

Ukitaka kusoma imeili kwenye simu hiyo, fungua Chrome, vidoti vitatu, New Incognito tab, yani tabo ambayo ukiifunga haibaki na kuki zako, ingia gmail.com, weka paswedi, weka tarakimu za meseji. Ndio inachosha. Ukimaliza funga tabo zote za Incognito, zote, mana ukiacha moja bado upo ndani. Simu nyingine zina sehemu ya watumiaji wengi, Multiple users, kila mtu anakuwa na upande wake na paswedi yake, angalia kama ya mama inayo, ila nyingi hazina.

Steshenari ni hivo hivo, mwambie kijana akuachie mausi wewe. Bonyeza Ctrl+Shift+N, kama ni Firefox ni Ctrl+Shift+P, litafunguka dirisha jeusi, fanyia humo. Kabla hujaandika paswedi tazama chini kwenye taskbar kama kuna dirisha jingine la Incognito liko wazi, mana yote yanashea kuki, la kwako ukilifunga na lile likabaki, hujatoka. Google ikileta kale kaboksi Don't ask again on this device, kanaweza kuja tayari kana tiki, toa tiki. Chrome ikiuliza Save password bonyeza Never. Na mwishoni sain auti kwanza, alafu ndo ufunge.

Kitu ambacho Incognito haifanyi ni kukusafishia mafaili. Sivii uliyodaunlodi iko kwenye Downloads na inamsubiri mteja anayefuata, iteue, Shift+Delete ili isipite Recycle Bin. Haizuii pia programu inayorekodi kila unachochapa kama mashine imeshikwa, hapo kinachokuokoa ni meseji ya kitochi. Na acha tabia ya kumtumia kijana vyeti kwa WhatsApp ili akuprintie, vinakaa kwenye simu yake na kwenye WhatsApp Web ya kompyuta ya kaunta ambayo haifungwi mchana kutwa, na ile ya kufuta kwa wote ina muda, siku mbili na ushee hivi, zikipita umechelewa. Jitumie mwenyewe kwa imeili uvifungulie pale kwenye dirisha jeusi.

Kwenye portal ingia kawaida, badilisha paswedi yake na yenyewe, mana kama imeili alikutungia yeye na hii bila shaka alikutungia yeye, na mara nyingi inakuwa ile ile moja. Mengine huko usiguse.

Siku 7 zikiisha rudi kwenye Your devices uangalie kama kuna Windows mpya imejitokeza ambayo sio wewe. Kama hakuna, nenda steshenari siku haina watu, mwombe kijana afungue Chrome mbele yako, kama jina lako bado lipo kwenye orodha ya akaunti bonyezeni Remove an account, na mstari wako kwenye lile daftari aukate.